Bima ya pikipiki ya deliveri: soma mstari wa matumizi kabla ya bei

Simama nje ya mikahawa ya Kilimani au Westlands saa saba mchana utaona pikipiki zimepangwa, masanduku ya apu nyuma, waendeshaji wakisubiri simu ilie. Muulize mmoja wao kama ana bima, atakufungulia cheti kwenye simu bila kusita. Muulize sasa cheti hicho kinamruhusu kuitumia pikipiki kwa kazi gani. Hapo ndipo mazungumzo hukwama, kwa sababu swali hilo hakuulizwa na ajenti aliyemuuzia, hakuulizwa na polisi wa trafiki, na kampuni ya apu ilitaka tu picha ya cheti chenye tarehe ambayo haijapita.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa la mwendeshaji wa deliveri nchini Kenya ni kuendesha akiwa na bima ya kazi nyingine. Asiye na bima kabisa anajua yuko hatarini. Huyu wa pili analipa, anaonyesha cheti, analala usingizi, kisha anagundua siku ya ajali kwamba alilipia kitu kisichomhusu.

Tuanze na sheria yenyewe, maana ndiyo inayopanga mambo yote yanayofuata. Bima ya lazima ya magari na pikipiki Kenya inatokana na Sura ya 405, Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Hatari kwa Watu wa Tatu. Inachotaka ni kimoja: ukimuua au ukimjeruhi mtu mwingine barabarani kwa chombo chako, awepo wa kumlipa. Haitaki zaidi ya hapo. Haimlipi mwendeshaji aliyevunjika mguu, wala haimrudishii pikipiki iliyoibwa. Hata kioo cha Mercedes ulichokwaruza kwenye foleni hakimo katika ulazima huo, ingawa mikataba mingi huongeza fidia ya mali ya mtu mwingine hadi kiwango fulani kilichoandikwa ndani.

Sheria hiyo inamlinda aliyegongwa kwa namna ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 16 kinataja masharti ambayo kampuni ya bima haiwezi kuyatumia kumnyima majeruhi fidia: umri au hali ya aliyekuwa akiendesha, ubovu wa chombo, idadi ya watu waliobebwa, uzito wa mizigo, saa au eneo chombo kilipotumika. Mkataba ukisema pikipiki isiendeshwe baada ya saa nne usiku, nawe ukamgonga mtu saa sita, kampuni bado itamlipa mtu huyo. Baadaye inaweza kukudai wewe, lakini majeruhi hawezi kurudishwa mikono mitupu.

Sasa tazama kisichokuwemo katika orodha hiyo. Aina ya matumizi haimo. Kifungu cha 10 kinaiamuru kampuni ya bima ilipe hukumu ya mahakama pale ambapo dhima yenyewe inaingia ndani ya mkataba, na mkataba wa bima ya pikipiki huwa na sehemu inayoeleza matumizi yanayoruhusiwa. Bima ya pikipiki ya binafsi husema kwa kawaida kwamba inahusu safari za starehe, za nyumbani na za kwenda kazini, kisha inatoa nje kubeba watu au mizigo kwa malipo. Bima ya bodaboda inahusu kubeba abiria kwa nauli. Bima ya biashara inahusu mizigo, nayo ina matawi mawili ambayo hapa ndiyo muhimu kuliko yote: kubeba mizigo yako mwenyewe, na kubeba mizigo ya watu wengine kwa malipo.

Duka la dawa lenye pikipiki yake, linalowapelekea wateja dawa zake, linabeba mizigo yake. Mwendeshaji wa apu anayechukua kuku kwenye mkahawa wa mtu na kumpelekea mtu wa tatu, akalipwa kwa safari hiyo, anabeba mizigo ya wengine kwa malipo. Pikipiki inaweza kuwa ileile, barabara ileile, hata sanduku lilelile, lakini kwa mwenye kuandika bima hizo ni hatari mbili tofauti zenye bei tofauti. Wa kwanza hutoka mara chache kwa siku katika mtaa anaoujua. Wa pili yuko barabarani kutwa, anafuata ramani ya simu, anakimbizana na dakika, na mvua ikinyesha ndipo oda zinapoongezeka.

Tuupitie mfano mmoja mpaka mwisho. Nimetunga hesabu zake, lakini zinafuata njia ambayo kesi kama hizi hufuata. Mwendeshaji anateremka Barabara ya Ngong saa mbili usiku, lami imelowa, simu iko kwenye kishikio mbele yake. Mtu anavuka mahali pasipo kivuko. Mwendeshaji anafunga breki, gurudumu la mbele linateleza, anamgonga. Mvukaji anavunjika mifupa yote miwili ya mguu chini ya goti, anafungwa chuma hospitalini, na anakaa miezi kadhaa bila kazi. Ana miaka 3 ya kufungua kesi, ambao ndio ukomo wa madai ya majeraha ya mwili Kenya, na wakili wake anapata jina la kampuni ya bima kutoka kwenye abstrakti ya polisi.

Mahakama inasema maumivu na ulemavu wake ni shilingi 500,000, na gharama alizothibitisha kwa risiti ni 180,000. Jumla 680,000. Kwa kuwa alivuka ovyo, anabebeshwa asilimia 20 ya lawama, kwa hiyo dai lake linashuka hadi 544,000. Ongeza gharama za kesi, tuseme 120,000. Deni limefika 664,000 kabla ya riba. Mwendeshaji anayebakiwa na shilingi 1,000 kwa siku baada ya mafuta angehitaji siku 664 za kazi kulilipa, bila kula na bila kulipa nyumba.

Kama cheti chake kilikuwa cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo, kampuni ya bima inateua wakili, inapigana kesi na kulipa. Kama kilikuwa cha binafsi, mchunguzi wa kampuni hatatafuta mbali. Maelezo ya polisi yatasema mwendeshaji alikuwa anapeleka chakula. Kumbukumbu za apu zitaonyesha oda, saa na njia. Kampuni ina nafasi, ndani ya miezi 3 tangu kesi ya majeruhi ifunguliwe, kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha ukweli au kwa maelezo ya uongo, au inaweza kusema tu kwamba safari hiyo haikuwa ndani ya mkataba. Ikishinda, majeruhi anabaki na karatasi ya hukumu dhidi ya mtu ambaye mali yake kubwa ni hiyo pikipiki. Wote wawili wameumia, na ile ada ya bima imeshalipwa na kuliwa.

Cheti cha bodaboda je? Hapa ndipo mabishano mengi yalipo, kwa sababu waendeshaji wengi walianza na abiria wakahamia deliveri, na wengine wanafanya zote mbili siku hiyohiyo. Wapo maajenti watakaokuambia kwamba abiria ni hatari kubwa kuliko pizza, kwa hiyo bima ya abiria inatosha. Kiakili hoja hiyo ina uzito. Lakini mahakama husoma maneno ya mkataba, na mkataba usiotaja mizigo ya malipo unamwachia wakili wa kampuni mlango. Upande wa pili pia una shimo: mwenye bima ya mizigo anayemchukua mtu njiani kwa shilingi mia moja amebeba abiria ambaye mkataba wake haumjui.

Kuna jambo jingine katika mfano huu linalowaangusha hata wale wenye cheti sahihi, nalo ni bahasha. Miezi kadhaa baada ya ajali, hati za kuitwa mahakamani zinamfikia mwendeshaji. Anaona jina lake, anaogopa, anaziweka chini ya godoro. Hakuna anayejibu, mahakama inatoa hukumu bila kumsikia, na ule utetezi wa asilimia 20 haukutajwa na mtu yeyote. Sheria haiiruhusu kampuni ya bima kumnyima majeruhi fidia kwa sababu ya kosa la mwendeshaji lililofanyika baada ya ajali, kama kuchelewa kuripoti. Ila mkataba huiruhusu kumgeukia mwendeshaji na kudai pesa hizo. Kwa hiyo ajali iripotiwe kwa maandishi siku hiyohiyo au kesho yake, na karatasi yoyote ya wakili au mahakama ipelekwe kwa kampuni kama ilivyo, huku ukibaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Na pale barabarani usiandikishane na mtu kwamba kosa ni lako na utalipa. Msaidie afike hospitali, ripoti polisi, chukua nambari ya OB, uache suala la lawama liamuliwe na wenye kazi hiyo.

Hata ukifanya yote vizuri, bima ya lazima ina dari. Kwa Kenya ni shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mguu uliovunjika unaingia chini yake bila shida. Kijana wa miaka 25 aliyeumia uti wa mgongo na atakayehitaji uangalizi maisha yake yote anaweza kuivuka, na kinachozidi ni cha mwendeshaji. Sijawahi kusikia ajenti akimweleza mwendeshaji jambo hili kabla ya kupokea pesa, na naona ni kosa la tasnia nzima. Si lazima kila mtu anunue kiwango cha juu zaidi, lakini kila mtu anastahili kujua dari iko wapi.

Halafu kuna uimara wa kampuni yenyewe. Waliokuwa na magari ya abiria mwaka 2005 wanaikumbuka United Insurance, na wa mwaka 2011 wanaikumbuka Blue Shield. Kampuni hizo zilipowekwa chini ya usimamizi wa kisheria, wenye hukumu mikononi walisimama na wenye vyeti walibaki wakiangalia nyuma yao. Bima ya bei ya chini kuliko zote sokoni ni ahadi ya kulipa miaka 3 au 4 ijayo, kesi itakapokwisha. Uliza kwa waendeshaji waliowahi kudai, si kwa waliowahi kununua tu.

Nije sasa kwa mwendeshaji mwenyewe, kwa maana mpaka hapa tumezungumzia mwili wa mtu mwingine. Akigongwa na gari, anaweza kulidai kupitia bima ya gari hilo. Akiteleza peke yake kwenye kokoto za barabara inayotengenezwa, hana wa kumdai hata mmoja. Angekuwa mwajiriwa wa duka, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ingembana mwajiri wake: fidia ya kifo au ulemavu kamili wa kudumu huko ni mshahara wa miezi 96. Lakini mikataba ya apu humwita mwendeshaji mkandarasi anayejitegemea, na sheria hiyo haimhusu mkandarasi. Nadhani Bunge litalazimika siku moja kuamua kama mtu anayepangiwa oda, bei, na adhabu ya kuchelewa anajitegemea kweli. Hadi siku hiyo, mwili wake uko chini ya ulinzi wake mwenyewe.

Ulinzi huo unaitwa bima ya ajali binafsi, na una mitego miwili. Kwanza, mikataba mingi ya ajali binafsi iliyoandikwa kwa watu wa ofisini hutoa nje majeraha yanayopatikana ukiwa juu ya pikipiki. Msitari mmoja tu katika ukurasa wa vizuizi, na bima nzima haina maana kwa mtu wa kazi hii. Pili, bima ambazo kampuni za apu huwapa waendeshaji wao kwa kawaida huwa hai tangu unapokubali oda mpaka unapoikabidhi. Ukianguka ukirudi mkahawani kusubiri nyingine, au ukielekea nyumbani usiku, huenda hauko ndani. Muda huo wa katikati ni sehemu kubwa ya siku ya mwendeshaji, kwa hiyo ujue unafunikwa na nini.

Hapa ndipo helmeti inapoingia katika hesabu za bima. Sheria ya Trafiki na kanuni za pikipiki za NTSA za mwaka 2015 zinailazimisha, na polisi wanaitazama kama jambo la faini. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 uliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Hiyo peke yake inatosha kuivaa. Lakini ina athari pia mahakamani. Sheria ya Kenya inaruhusu fidia ipunguzwe kadiri ya mchango wa majeruhi katika madhara yake mwenyewe, na mahakama zetu husoma kesi za Uingereza ingawa hazifungwi nazo. Katika O'Connell dhidi ya Jackson, mwaka 1972, mwendeshaji asiyekuwa na kosa lolote katika ajali alipunguziwa asilimia 15 kwa sababu hakuvaa helmeti. Katika Capps dhidi ya Miller, mwaka 1989, aliivaa lakini hakuifunga kamba ya kidevu. Ikaruka, akapunguziwa asilimia 10.

Chukua fidia ya jeraha la kichwa ya shilingi milioni 2. Asilimia 15 yake ni 300,000. Ndiyo pesa inayoweza kupotea kwa kuiacha helmeti ikining'inia kwenye usukani, au kwa kuilegeza kamba ili usikie simu vizuri. Punguzo hilo linahusu pale ambapo helmeti ingesaidia. Aliyevunjika mguu hawezi kukatwa fidia ya mguu kwa kuwa kichwa kilikuwa wazi. Wakili wa bima akijaribu kuunganisha mambo hayo mawili, wakili wako amkatalie.

Helmeti ya kazi hii si kofia yoyote yenye plastiki ngumu. Kinachookoa ubongo ni tabaka la povu gumu ndani ya gamba, ambalo hupondeka wakati wa kishindo na kula nguvu yake. Likishapondeka halirudi, hata kama gamba la nje linang'aa. Ndiyo maana helmeti ya mtumba ni kamari: huwezi kuona kama imewahi kuanguka na kichwa ndani. Tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na nambari, iliyoshonwa kwenye kamba ya kidevu. Hiyo ni alama ya kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa. Ibonyeze povu kwa kidole gumba: ikibonyea kama sponji ya kuogea, hiyo ni ya kupitia kizuizi cha polisi tu. Ukipata ajali, helmeti usiitupe. Ihifadhi na uipige picha, kamba na mipasuko ionekane, kwa sababu swali la kama ulikuwa umeivaa litaulizwa miaka miwili baadaye, wakati shahidi aliyekuokota ameshahama mtaa.

Wizi nimeuacha mwisho kwa makusudi, ingawa ndio waendeshaji wanaouogopa zaidi. Bima ya lazima haiugusi. Anayetaka kulipwa pikipiki ikiibwa anahitaji bima kamili, au ile ya mtu wa tatu iliyoongezewa moto na wizi. Wanaonunua pikipiki kwa mkopo mara nyingi hupewa bima kamili ndani ya mkopo, na jina la mkopeshaji huandikwa kama mtu wa kwanza kulipwa.

Fanya hesabu. Pikipiki ilinunuliwa kwa shilingi 180,000. Siku ya wizi thamani yake sokoni imeshuka hadi 150,000, na kampuni hulipa thamani ya siku hiyo, hata kama cheti bado kinasema 180,000. Tuseme mkataba unamtaka mwenye pikipiki abebe asilimia 20 ya hasara ya wizi kama hakuna kifaa cha kufuatilia, na asilimia 10 kama kipo. Bila kifaa, anakatwa 30,000, zinabaki 120,000. Mkopeshaji anachukua deni lake lililobaki, tuseme 95,000. Mwendeshaji anapokea 25,000. Kwa kifaa, angepokea 40,000. Na huku uchunguzi ukiendelea kwa wiki au miezi, mkopo haulali. Faini za kuchelewa zinaweza kuila hata ile 25,000. Muhimu zaidi kuliko bei ya bima, basi, ni kumwandikia mkopeshaji siku ya wizi, ukiambatisha abstrakti, na kuomba malipo yasimamishwe hadi dai liamuliwe. Huenda akakataa, ila barua hiyo itakusaidia baadaye mkibishana juu ya faini.

Madai ya wizi ya watu wa deliveri hukataliwa kwa sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni ufunguo. Mwendeshaji anapanda hadi ghorofa ya nne na mfuko wa chakula, injini inaunguruma chini, dakika mbili tu. Mkataba unamtaka achukue tahadhari ya kawaida, na kampuni itaomba funguo zote mbili za pikipiki. Ukishindwa kuutoa wa pili, una maelezo marefu ya kutoa. Ya pili ni kuikabidhi pikipiki kwa hiari: mtu anajifanya mteja au askari wa geti, anasema nipe niisogeze ndani, anaondoka nayo. Mikataba mingi hutofautisha wizi na kutapeliwa, na kutapeliwa hakulipwi. Kupokonywa kwa kisu gizani baada ya oda ya mtego ni jambo jingine kabisa, na hilo hulipwa. Kwa hiyo maelezo ya kwanza kwenye kitabu cha OB yawe kamili na ya kweli, yataje silaha, idadi ya watu, na nambari ya oda iliyokuleta pale. Ya tatu tunaijua tayari: pikipiki ya binafsi iliyoibwa ikiwa kazini.

Sanduku, simu, chakula cha mteja na helmeti yenyewe kwa kawaida haviko ndani ya bima ya pikipiki. Wanaoendesha za umeme wana swali la ziada, kwa kuwa betri mara nyingi ni mali ya kampuni inayoikodisha. Ikiibwa pamoja na pikipiki, mkataba wa betri unaweza kukudai bei yake yote. Soma mkataba huo pia.

Kwa mwenye pesa kidogo, mpangilio wangu ni huu: kwanza bima ya mtu wa tatu yenye matumizi sahihi, kisha helmeti ya kweli na bima ya ajali binafsi isiyotoa nje pikipiki, na wizi baadaye, isipokuwa mkopo unakulazimisha. Pikipiki iliyoibwa inakurudisha nyuma miezi kadhaa. Hukumu ya mguu wa mtu, au mkono wako usiofanya kazi tena, ni ya miaka.

Hata hivyo mzigo wote huu haufai kuwa wa mwendeshaji. Kampuni za apu tayari zinakagua leseni na tarehe ya cheti kabla ya kumfungulia mtu akaunti. Zinaweza kukagua mstari wa matumizi kwa jicho lilelile, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima inaweza kuzitaka kampuni za bima ziandike neno moja la wazi kwenye cheti kwa ajili ya kazi hii, ili mwendeshaji, polisi na mkahawa wote wasome kitu kimoja. Nitajibiwa kwamba ada itapanda na waendeshaji watakimbilia vyeti vya bei rahisi. Ni kweli itapanda. Ndiyo maana apu inayochukua kamisheni kwenye kila oda inapaswa kuchangia tofauti hiyo, maana hatari inayolipiwa inazaliwa na oda zake.

Wakati hayo yakisubiri, mwendeshaji anayeweka upya bima wiki hii anaweza kumtumia ajenti ujumbe huu kabla ya kulipa: "Ninatumia pikipiki nambari fulani kupeleka chakula na vifurushi vya watu wengine kwa malipo, kupitia apu, mchana na usiku. Naomba uthibitishe kwa maandishi kwamba mkataba huu unaruhusu matumizi hayo, na unitumie ukurasa unaosema hivyo." Jibu la "usijali, iko sawa" halitoshi. Ukurasa ukija, tafuta maneno ya kubeba mizigo kwa malipo, uone kama yako upande wa yanayoruhusiwa au upande wa yaliyotolewa nje, kisha uhifadhi ujumbe huo mahali ambapo hautafutika ukibadilisha simu.